Ununuzi kwa awamu: mnunuzi anavyoandika mali siku ya kwanza na riba kidogo kidogo

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote kutoka kwa wanaoanza kushika vitabu ni hili: "Mashine tumeichukua, tunailipa kwa awamu, mkataba unasema si yetu mpaka tumalize kulipa. Sasa niiandike wapi?" Likishajibiwa, la pili huwa njiani: "Na kila awamu nikilipa, niandike gharama?" Nimejibu maswali haya kwa mdomo, kwa simu na nyuma ya karatasi za watu. Hapa nayajibu kwa mfano mmoja, tangu siku ya kusaini mkataba hadi deni kuisha.

Mwongozo huu ni wa upande wa mnunuzi tu. Muuzaji ana hesabu zake, tena ngumu zaidi, na ukizichanganya na zako utapotea.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kuanza

Kwa sheria, mali inabaki ya muuzaji hadi awamu ya mwisho. Kwa hesabu, mali ni yako tangu siku unayoichukua, kwa sababu wewe ndiye unayeitumia, unayepata faida yake na unayebeba hasara ikiharibika. Wahasibu hufuata uhalisia wa shughuli kuliko maneno ya karatasi. Kwa hiyo siku moja unapata vitu viwili kwa pamoja, mali na deni. Ziada unayolipa juu ya bei ya taslimu si sehemu ya mashine. Ni bei ya kupewa muda, yaani riba. Kiwango cha kimataifa cha IAS 16 kinasema hivyo hivyo: gharama ya mali ni bei yake ya taslimu siku ya kuitambua, na malipo yakicheleweshwa kupita muda wa kawaida wa mkopo wa biashara, tofauti inahesabiwa kuwa riba ya kipindi hicho.

Uwe na hivi mezani

Unahitaji mkataba wenyewe, si maelezo ya mtu aliyeusoma. Ndani yake tafuta bei ya taslimu, malipo ya awali, idadi ya awamu, kiasi cha kila awamu na tarehe zake. Uwe na tarehe ya kufunga mwaka wa hesabu, makadirio ya miaka ambayo mali itatumika, na lahajedwali kwenye kompyuta. Kikokotoo pia kinafanya kazi, ila kitakuchosha.

Bei ya taslimu wakati mwingine haimo kwenye mkataba, na muuzaji haoni haja ya kukuambia. Mwombe kwa maandishi bei ambayo angekuuzia ungelipa zote siku hiyo hiyo, au tafuta ankara ya mali ya aina hiyo iliyouzwa taslimu. Usiikisie. Kila namba inayofuata inasimama juu ya bei hiyo.

Mfano tutakaoutumia

Kiwanda kidogo cha uchapaji kimechukua mashine ya kuchapa tarehe 1 Aprili 2024. Bei ya taslimu ni 3,000,000. Malipo ya awali, yaliyolipwa siku hiyo, ni 600,000. Zilizobaki zitalipwa kwa awamu 4 za 757,000 kila moja, moja kila mwisho wa miezi sita: 30 Septemba 2024, 31 Machi 2025, 30 Septemba 2025 na 31 Machi 2026. Mwaka wa hesabu unafungwa 31 Desemba. Mashine inatarajiwa kufanya kazi miaka 5, na baada ya hapo haitakuwa na thamani ya kuuzika. Namba hizi soma kwa fedha yoyote unayotumia.

Nimeweka makusudi mwisho wa mwaka uangukie katikati ya awamu mbili. Mifano mingi ya darasani hufunga mwaka siku ile ile ya kulipa awamu, halafu mwanafunzi akiingia kazini hakuna hata mkataba mmoja unaofanana na hiyo mifano.

Hatua ya 1. Tafuta jumla ya riba

Jumlisha utakacholipa chote, kisha ondoa bei ya taslimu. Awamu nne za 757,000 ni 3,028,000. Ongeza malipo ya awali 600,000, unapata 3,628,000. Ondoa 3,000,000. Riba yote ni 628,000.

Andika namba hii pembeni na uizungushie duara. Mwisho wa kazi, riba ya miaka yote ikijumlishwa lazima irudi kwenye 628,000. Isiporudi, kuna kosa mahali.

Kabla hujaendelea, angalia kama ndani ya awamu kumefichwa kitu kingine, kama vile bima au matengenezo. Kikiwemo, kitoe kwanza na ukiandike kama gharama yake yenyewe. Ukikiacha humo utakiita riba, na kiwango utakachopata kitakuwa kikubwa kuliko kilivyo kweli.

Hatua ya 2. Tafuta kiwango cha riba cha kila kipindi

Deni linalozaa riba si 3,000,000. Malipo ya awali yalitoka siku ile ile, hayakukopwa hata kwa saa moja. Deni ni 2,400,000.

Unatafuta kiwango ambacho, kikitozwa juu ya deni lililobaki kila miezi sita, awamu nne za 757,000 zitalimaliza deni lote. Kwenye lahajedwali andika:

```
=RATE(4,-757000,2400000)
```

Awamu ina alama ya kutoa kwa sababu fedha inatoka, na deni halina kwa sababu thamani imeingia. Jibu ni takriban 9.99% kwa kila miezi sita. Tutatumia 10%, na vijisenti vitakavyobaki tutavimaliza kwenye awamu ya mwisho.

Kiwango hiki ni cha miezi sita, si cha mwaka. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: mtu anasikia "asilimia kumi" na kuigawa kwa mbili kwa sababu awamu ni za nusu mwaka. Fomula inajibu kwa kipimo cha kipindi ulichoipa. Ukiipa awamu za mwezi, jibu ni la mwezi.

Kama awamu ya kwanza inalipwa siku ya kusaini, fomula inabadilika kidogo:

```
=RATE(4,-757000,2400000,0,1)
```

Ile 1 ya mwisho inasema malipo yanafanyika mwanzoni mwa kipindi. Katika hali hiyo awamu ya kwanza haina riba ndani yake kabisa. Ni kama malipo ya awali yameongezeka.

Hatua ya 3. Tengeneza jedwali la deni

Jedwali hili ndilo moyo wa kazi yote. Litengeneze mara moja, lihifadhi pamoja na nakala ya mkataba, na kila ingizo litoke humo. Kila mstari una hesabu tatu fupi. Deni la mwanzo zidisha kwa 10%, hiyo ni riba. Awamu toa riba, hicho ndicho kinachopunguza deni. Deni la mwanzo toa kilichopunguzwa, hilo ni deni linaloanza mstari unaofuata.

| Tarehe ya awamu | Deni la mwanzo | Riba | Awamu | Inayopunguza deni | Deni linalobaki |
|---|---|---|---|---|---|
| 30 Septemba 2024 | 2,400,000 | 240,000 | 757,000 | 517,000 | 1,883,000 |
| 31 Machi 2025 | 1,883,000 | 188,300 | 757,000 | 568,700 | 1,314,300 |
| 30 Septemba 2025 | 1,314,300 | 131,430 | 757,000 | 625,570 | 688,730 |
| 31 Machi 2026 | 688,730 | 68,270 | 757,000 | 688,730 | 0 |

Tazama mstari wa mwisho. Asilimia kumi ya 688,730 ni 68,873, lakini nimeandika 68,270. Tofauti ya 603 inatokana na kupandisha kiwango kutoka 9.99% hadi 10%, na nimeimalizia kwenye riba ya mwisho ili deni liishe kabisa. Jumlisha safu ya riba: 240,000 na 188,300 na 131,430 na 68,270 ni 628,000. Ile namba yenye duara imerudi.

Tazama pia jinsi riba inavyoshuka huku awamu ikibaki ile ile. Mwanzoni karibu theluthi moja ya unacholipa ni riba, mwishoni ni chini ya sehemu moja ya kumi. Watu huniuliza kwa nini tusigawe 628,000 kwa nne tukapata 157,000 kila awamu na kumaliza mambo. Kwa sababu unadaiwa zaidi mwanzoni. Miezi sita ya kwanza ulishikilia 2,400,000 za mwenzako, ya mwisho ulishikilia 688,730. Riba ikiwa sawa vipindi vyote viwili, vitabu vinasema uongo.

Wapo waliofundishwa njia ya kujumlisha tarakimu. Awamu nne, kwa hiyo 4 na 3 na 2 na 1 ni 10, na awamu ya kwanza inabeba 4/10 ya riba yote. Kwa mfano wetu inatoa 251,200, kisha 188,400, kisha 125,600, kisha 62,800. Si mbali na jedwali letu, na zamani kabla ya kompyuta ilikuwa msaada mkubwa. Leo fomula iko mkononi, sioni sababu ya kukadiria. Ila mtihani ukikutaka utumie njia hiyo, itumie. Mtahini ndiye mwenye alama.

Hatua ya 4. Andika siku ya kwanza

Tarehe 1 Aprili 2024, maingizo ni mawili:

Debiti Mashine 3,000,000. Krediti Muuzaji 3,000,000.
Debiti Muuzaji 600,000. Krediti Benki 600,000.

Basi. Akaunti ya muuzaji sasa ina salio la krediti la 2,400,000, sawasawa na mstari wa kwanza wa jedwali. Riba haijaandikwa popote, kwa sababu siku hiyo hakuna riba iliyozaliwa. Riba inazaliwa na siku zinazopita.

Utakutana na vitabu vinavyoandika deni lote na riba yake siku ya kwanza: krediti Muuzaji 3,628,000, debiti Mashine 3,000,000, na debiti 628,000 kwenye akaunti ya riba inayosubiri. Kila kipindi wanahamisha sehemu ya riba kutoka kwenye akaunti hiyo kwenda kwenye gharama. Njia hiyo si kosa, na ina faida moja: salio la muuzaji kwenye leja yako linafanana na taarifa anayokutumia, ambayo mara nyingi ina riba ndani. Lakini wakati wa kutengeneza mizania lazima riba inayosubiri iondolewe kwenye deni. Nimeona mizania ambayo riba hiyo imewekwa upande wa mali, kama vile ni kitu cha thamani ambacho kampuni inamiliki. Riba ambayo bado haijafikia wakati wake si mali ya mtu yeyote. Kama unaanza, tumia njia ya maingizo mawili.

Hatua ya 5. Andika kila awamu, riba kwanza

Tarehe 30 Septemba 2024:

Debiti Gharama ya riba 240,000. Krediti Muuzaji 240,000.
Debiti Muuzaji 757,000. Krediti Benki 757,000.

Riba inaliongeza deni, malipo yanalipunguza. 2,400,000 ongeza 240,000 toa 757,000 ni 1,883,000. Linganisha na jedwali. Ukijizoeza kulinganisha kila awamu, kosa litaonekana likiwa bado bichi.

Onyo: usiandike debiti Mashine 757,000. Nimekuta akaunti ya mashine ambayo kila baada ya miezi sita inanenepa, kana kwamba mtambo unakua. Mashine iliandikwa siku ya kwanza kwa bei yake yote na haiguswi tena na awamu. Wala usiandike 757,000 yote kuwa gharama. Katika awamu hii ya kwanza 517,000 ni kulipa deni tu, na kulipa deni si gharama.

Hatua ya 6. Funga mwaka

Tarehe 31 Desemba 2024 imefika. Awamu inayofuata ni 31 Machi 2025, na riba yake ni 188,300. Miezi mitatu kati ya sita imeshapita, kwa hiyo nusu ya riba hiyo ni ya mwaka 2024 hata kama hujalipa chochote:

Debiti Gharama ya riba 94,150. Krediti Muuzaji 94,150.

Ukipenda, krediti iende kwenye akaunti ya riba limbikizi badala ya ya muuzaji. Chagua moja na uishike kila mwaka. Mkaguzi mwenye jicho kali anaweza kukuambia kwamba riba ya miezi mitatu ya kwanza ni pungufu kidogo ya nusu, maana riba hujilimbikiza ndani ya kipindi. Ana haki: kwa hesabu hiyo ingekuwa kama 91,900. Kwa biashara nyingi tofauti hiyo haibadilishi uamuzi wa mtu, na kugawa kwa miezi kunakubalika.

Gharama ya riba ya mwaka 2024 kwa hiyo ni 240,000 na 94,150, jumla 334,150.

Sasa uchakavu, na hapa pana mtego wa aina yake. Mashine itatumika miaka 5, awamu zinaisha ndani ya miaka 2. Uchakavu unafuata maisha ya mashine, haufuati mkataba wa kulipa, kwa sababu awamu zikiisha mashine inabaki yako na inaendelea kuchapa. 3,000,000 kwa miaka 5 ni 600,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 mashine ilikuwepo miezi 9, kwa hiyo:

Debiti Gharama ya uchakavu 450,000. Krediti Uchakavu limbikizi 450,000.

Kwenye mizania mashine itasimama kwa 2,550,000. Deni lote ni 1,883,000 ongeza riba limbikizi 94,150, yaani 1,977,150. Ligawe mara mbili. Ndani ya miezi 12 ijayo utapunguza deni kwa 568,700 mwezi Machi na 625,570 mwezi Septemba, ongeza riba limbikizi 94,150: deni la muda mfupi ni 1,288,420. Kinachobaki, 688,730, ni deni la muda mrefu. Usiweke awamu nzima mbili za 757,000 kwenye muda mfupi. Ndani yake kuna riba ya mwaka 2025 ambayo bado haijazaliwa, na ukiiweka utaonekana unadaiwa zaidi ya ukweli.

Mwaka ujao, 31 Machi 2025, usisahau kwamba nusu ya riba imeshaandikwa. Unaandika nusu iliyobaki, 94,150, kisha malipo ya 757,000. 1,977,150 ongeza 94,150 toa 757,000 ni 1,314,300, na jedwali linakubali. Kwa mwendo huo, riba ya 2025 yote itakuwa 94,150 na 131,430 na nusu ya 68,270, yaani 259,715, na ya 2026 itakuwa 34,135. Jumlisha miaka mitatu, utarudi kwenye duara.

Makosa mawili yanayogharimu zaidi

La kwanza ni kuiandika mashine kwa 3,628,000. Mwandishi wa vitabu anajitetea: "Lakini hizo ndizo fedha zitakazotoka." Kweli zitatoka, ila si kwa ajili ya mashine. Angalia linalotokea. Uchakavu unakuwa 725,600 kwa mwaka badala ya 600,000, na ile ziada ya 125,600 kwa miaka 5 ni 628,000 kamili. Maana yake riba imeingia kwenye gharama kwa jina la uchakavu, tena kwa miaka mitano, wakati deni lilikwisha ndani ya miwili. Faida ya miaka ya mwanzo inapendeza kuliko ilivyo, na ya mwisho inaumizwa bila kosa.

La pili ni kinyume chake, kuandika kila kinacholipwa kuwa gharama kana kwamba ni kodi ya pango. Mwaka 2024 zimetoka 600,000 na 757,000, jumla 1,357,000. Gharama halisi ya mwaka huo ni riba 334,150 na uchakavu 450,000, jumla 784,150. Faida imepunjwa kwa 572,850, na kwenye mizania hakuna mashine wala deni. Siku kampuni ikienda kuomba mkopo, mkopeshaji anaona kiwanda cha uchapaji kisicho na mashine.

Mambo yakikataa

*Deni linapita sifuri na kuwa hasi mwishoni.* Karibu kila mara umetumia kiwango bapa cha muuzaji. Muuzaji hugawa 628,000 kwa 2,400,000, kisha kwa miaka 2, na kukuambia riba ni 13.08% kwa mwaka. Inasikika nafuu. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba unadaiwa 2,400,000 muda wote, hata baada ya kulipa awamu tatu. Ukichukua nusu yake, 6.54%, ukaitoza juu ya deni linalopungua, mstari wa kwanza utatoa riba ya 157,000, na baada ya awamu ya nne jedwali litaonyesha umelipa zaidi kwa kama 246,000. Kiwango cha kweli hapa ni karibu 10% kwa miezi sita. Rudi Hatua ya 2.

*Deni linagoma kuisha.* Kwa mfano huu, kama kimebaki kama 879,000 baada ya awamu ya nne, ulisahau kuondoa malipo ya awali na ulianza jedwali kwa 3,000,000. Ukikuta kimebaki kiasi kidogo cha mamia kama 603 yetu, hiyo ni tofauti ya desimali tu. Imalizie kwenye riba ya mwisho.

*RATE inatoa kosa la `#NUM!` au jibu hasi.* Angalia alama. Awamu na deni lazima ziwe na alama tofauti. Kama tayari zina alama tofauti na jibu bado ni hasi, awamu zako zikijumlishwa hazifikii deni, na hiyo ina maana kuna namba ya mkataba umeisoma vibaya.

*Taarifa ya muuzaji hailingani na leja yako.* Kwanza uliza kama salio lake lina riba ya siku zijazo. Baada ya awamu ya kwanza yeye anaweza kuandika 2,271,000, yaani awamu tatu za 757,000, wakati wewe una 1,883,000. Tofauti ya 388,000 ni 188,300 na 131,430 na 68,270, riba ya awamu zilizobaki. Hakuna aliyekosea. Andika ulinganisho huo kwenye karatasi na uuweke kwenye faili, maana mkaguzi atauliza.

*Umechelewa awamu na muuzaji ametoza faini.* Faini ni gharama ya mwaka ilipotokea, kwenye mstari wake. Usiiingize kwenye jedwali la deni, litavurugika lote.

*Umeamua kumaliza deni mapema.* Tuseme tarehe 30 Septemba 2025, baada ya kulipa awamu ya tatu, muuzaji anakubali kumaliza kwa 710,000 siku hiyo hiyo. Leja inasema 688,730. Debiti Muuzaji 688,730, debiti Gharama za fedha 21,270, krediti Benki 710,000. Mashine haiguswi, na uchakavu wake unaendelea kama kawaida hadi miaka 5 iishe.

*Umeshindwa kulipa na mashine imechukuliwa.* Kwanza andika riba hadi siku hiyo na uchakavu hadi siku hiyo. Kisha ondoa mashine kwa thamani iliyobaki vitabuni, ondoa deni kwa kiasi ambacho muuzaji amekubali kwa maandishi kwamba limefutwa, na tofauti ipeleke kwenye faida au hasara. Kama bado anakudai kiasi baada ya kuichukua mashine, kiasi hicho kinabaki kwenye akaunti yake. Wengi hufuta deni lote siku mashine inapoondoka mlangoni, halafu barua ya madai inafika wiki mbili baadaye.